Wapinzani wawili na shimo moja la mazuku

*Swali: Mwalimu, habari za kazi. Naandika hadithi fupi juu ya Riziki na Bahati, wanafunzi wa mwaka wa sita wa sekondari hapa Goma, wanaoshindania nafasi ya kwanza kilasini. Riziki ana mada ya volkano, Bahati ana mada ya hali ya hewa. Nimeanza na mlipuko wa 2021. Wanakimbia pamoja, wanapatana, kisha wanaunganisha mada zao na kushinda kwenye maonyesho ya sayansi ya shule. Wenzangu wanasema muungano huo hauwaingii akilini. Nirekebishe wapi?*

Mdogo wangu, wenzako wamesoma vizuri, ila wameonyesha mahali ambapo maumivu yalijitokeza, si mahali yalipoanzia. Hadithi yako inaharibika mapema, pale ulipogawa mada. "Volkano" na "hali ya hewa" ni mada pana mno. Unaweza kuzitia ndani ya jalada moja bila mtu yeyote kukosa usingizi, kwa sababu hakuna inayoihitaji mwenzake. Mada mbili huungana kweli pale ambapo kila moja ina pengo ambalo mwenye nayo hawezi kuliziba peke yake, na kinachoziba pengo hilo kimeandikwa ndani ya daftari la mtu asiyetaka hata kumsalimu. Kwa hiyo anza na mapengo. Mioyo yao iache kwanza.

Kabla ya hapo, nakuomba uondoe mlipuko. Najua unauma, kwa sababu kurasa zako za mbio ndizo ulizoandika kwa nguvu kuliko zote. Lakini fikiria msomaji wa Goma. Anaukumbuka usiku wa tarehe 22 Mei 2021 na tarehe 27, tulipoambiwa tuhame na barabara ya Sake ikajaa watu, magodoro na chukudu. Usiku kama huo mtu anamshika mkono hata adui yake, na kesho yake wakarudi walivyokuwa. Ukiwapatanisha watoto hao kwa lava, Nyiragongo ndiyo imefanya kazi na wewe hukuifanya. Mlipuko ubaki kwenye kumbukumbu ya bibi mmoja, sentensi moja tu, anayesema kwamba 2002 lava ilipita katikati ya mji lakini angalau hiyo ilionekana ikija.

Sentensi hiyo ya bibi inatupeleka kwenye mada ninayokupendekezea: mazuku. Yako kwenu, yanaua, na yanaingia kabisa ndani ya uwezo wa mwanafunzi mwenye kamba na mshumaa. Gesi ya kaboni dioksidi inatoka chini kupitia nyufa za lava ya zamani. Ni nzito kuliko hewa kwa karibu mara moja na nusu, kwa hiyo hairuki, inatelemka na kutulia kwenye mashimo na mabonde madogo, hasa upande wa magharibi wa mji, kando ya ziwa kuelekea Sake. Haina rangi wala harufu ya kumwonya mtu. Usiku na alfajiri, hewa ikiwa baridi na imetulia, inajikusanya. Jua likipanda na upepo ukianza, inachanganyika na kutawanyika, na shimo lile lile lililoua mbuzi asubuhi linaweza kuonekana salama kabisa mchana. Shika sifa hiyo ya mwisho, kwa sababu hadithi yako yote itasimama juu yake.

Sasa tuwape watoto kazi zao. Riziki anakaa Lac Vert kwa bibi yake. Nyuma ya nyumba kuna shimo la lava lenye kina cha mita moja na nusu, na mbuzi wa bibi alikutwa amelala humo asubuhi moja, bila kidonda, nzi waliokufa wakiwa wamemzunguka. Riziki anataka kujua gesi inafika kimo gani. Anafunga kamba yenye fundo kila sentimita 10, mwishoni anatundika kopo la maziwa lililotobolewa matundu, ndani yake mshumaa. Kopo ni la lazima, usilisahau. Bila kopo, upepo unaweza kuuzima moto na mwalimu yeyote makini atamuuliza kama amepima gesi au amepima upepo. Anasimama ukingoni, wima, upepo ukitoka mgongoni mwake, mtu mzima akiwa nyuma yake, anateremsha kopo polepole na kuhesabu mafundo hadi moto unapozimika. Shimo lina mafundo 15 hadi chini. Moto ukizimika kwenye fundo la 8, gesi imejaa karibu sentimita 70 kutoka chini. Mtoto wa miaka mitatu akisimama humo, uso wake uko ndani ya gesi kabisa au juu yake kidogo tu.

Bahati anakaa Katindo. Baba yake alimletea kipimajoto, na juu ya paa amesimamisha mti wenye kitambaa chepesi. Mara tatu kwa siku anaandika joto, anaandika kama kitambaa kimelala au kinapepea, na kinaelekea wapi. Daftari lake ni safi, mistari imepigwa kwa rula, hakuna siku iliyorukwa. Mwalimu wa fizikia analifungua, anageuza kurasa, kisha anamuuliza: "Namba hizi zinamsaidia nani?" Bahati hana jibu. Hilo ndilo pengo lake: anajua saa za kila kitu, lakini hana tukio hata moja la kuliwekea saa.

Pengo la Riziki ni kali zaidi kwa sababu linagusa heshima yake. Mwalimu anakwenda Lac Vert Jumapili mchana kuhakikisha. Wanateremsha kopo, na mshumaa unafika chini ukiwaka vizuri. Wanarudia. Unawaka. Mwalimu anamwangalia na kumwambia kwa upole, jambo ambalo linachoma kuliko ukali, kwamba takwimu hazipikwi. Riziki hakupika. Tatizo ni kwamba kwenye jedwali lake kuna tarehe na kimo tu. Saa aliiandika mara moja juu ya ukurasa, "saa kumi na mbili asubuhi", kana kwamba kila siku ni ile ile.

Unaona tulipofika? Hakuna aliyemsamehe mwenzake, hakuna aliyelia. Lakini mmoja anahitaji saa na upepo, mwingine anahitaji kitu kinachobadilika kwa saa na upepo. Mwalimu hana haja ya kuwaambia waungane. Anawaita wote wawili ofisini kwa prefe kwa sababu nyingine, labda kwa sababu wamegombania kipimajoto cha shule, na Bahati anaona jedwali la Riziki juu ya meza likiwa wazi. Yeye ni mtu wa namba, hawezi kujizuia kulisoma.

Ukurasa wa moyo wa hadithi ni pale wanapolinganisha siku sita. Uandike polepole kuliko kurasa zingine zote. Kwenye daftari la Bahati, saa kumi na mbili asubuhi, kitambaa kimelala Jumatatu, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, kimepepea Jumatano na Ijumaa. Kwa Riziki, gesi imefika sentimita 70 Jumatatu, 60 Jumanne, 10 Jumatano, sifuri Alhamisi, 50 Ijumaa, 80 Jumamosi. Siku nne zinakubaliana: hewa ikitulia gesi inapanda, upepo ukivuma inashuka. Siku mbili zinakataa. Alhamisi hewa imetulia na gesi hakuna. Ijumaa upepo unavuma na gesi ipo.

Waandishi wengi chipukizi wangezifuta siku hizo mbili ili mambo yawe mazuri. Wewe usizifute, kwa sababu ndizo zenye hadithi. Nimejaribu kukuandikia namna mazungumzo yangekwenda. Usiyanakili, yasikilize tu.

*

Bahati aliweka kalamu juu ya neno Alhamisi.

"Hapa moto ulifika chini. Kitambaa changu kilikuwa kimelala, kama Jumatatu. Kwa nini?"

"Mazuku hayana saa," Riziki alisema.

"Jumatatu yalikuwa na saa. Jumanne pia. Jumamosi pia."

Riziki alitazama dirishani. Nje motari alikuwa anabishana na mama mmoja juu ya nauli, na ugomvi wao ulionekana mwepesi kuliko ule wa mezani.

"Bibi alikuwa na malaria," alisema mwishowe. "Nilikwenda kuteka maji kwanza. Mabidoni manne. Nilifika shimoni saa mbili na robo."

"Umeandika saa kumi na mbili."

"Niliandika."

Bahati angeweza kusema jambo. Tangu mwaka wa tatu alikuwa analingojea. Alivuta rula, akapiga mstari mwembamba juu ya saa ile, akaandika pembeni 2:15. Kisha akageuza ukurasa wake mwenyewe, akatafuta joto la asubuhi hiyo.

"Saa mbili jua lilikuwa limekwisha kutoka. Joto lilipanda nyuzi tano. Gesi yako ilikuwa imetawanyika." Alinyamaza kidogo. "Hukukosea kupima. Ulikosea kuandika."

Riziki hakujibu. Alikuwa amekwisha kuweka kidole juu ya Ijumaa.

"Na hii? Kitambaa chako kinapepea, mimi nina sentimita 50. Ijumaa sikuchelewa. Muulize bibi."

"Kilipepea. Nilikiona."

"Ulikiona wapi?"

"Juu ya paa."

"Paa la wapi?"

Bahati alifungua mdomo, akaufunga. Kutoka Katindo hadi shimo la Lac Vert mtu anapita nusu ya mji, na shimo lenyewe limekingwa na ukuta wa lava upande mmoja.

"Mti wangu uko mahali pabaya," alisema. Alilisema kwa shida, neno baada ya neno, na Riziki, ambaye naye alikuwa na la kusema tangu mwaka wa tatu, alichukua kalamu akaandika kando ya Ijumaa: *upepo wa Katindo*.

*

Angalia kilichotokea hapo. Siku iliyokataa ya kwanza imemlazimisha Riziki kukiri mbele ya mtu wa mwisho ambaye angependa kumkiria. Ya pili imemgharimu Bahati kazi yake yote: daftari safi, lisilo na siku iliyorukwa, linaeleza upepo wa mahali ambapo gesi haipo. Kila mmoja amemwonyesha mwenzake kidonda, na mwenzake, badala ya kukibonyeza, amekiandika kwenye jedwali. Hakuna aliyesema samahani. Msomaji ataelewa kwamba wameungana kabla wao wenyewe hawajaelewa.

Baada ya hapo lazima gharama ilipwe, na wewe kwenye rasimu yako hukuidai. Bahati anang'oa mti wake juu ya paa na kuusimamisha ukingoni mwa shimo Lac Vert. Riziki anaongeza safu ya saa kwenye jedwali lake na kupima mara tatu: alfajiri, saa mbili, saa sita. Siku sita hazitoshi kumshawishi mtu, kwa hiyo wanaanza upya, wiki tatu nzima. Hapo unaweza kupita haraka, aya moja tu, maana kazi ya kurudia haina mengi ya kusimulia. Toa picha moja ya karibu: Bahati akifika kwa motari kabla ya mwanga, viatu vyake vya shule vikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, bibi akimpa chai bila kumuuliza jina la baba yake.

Kuna jambo ambalo nakuomba ulilinde sana, kwa sababu hadithi yako itasomwa na watoto wanaokaa kando ya mashimo hayo. Asiteremke mtu. Usiandike tukio la Bahati kuanguka na Riziki kumrukia kumwokoa, hata kama linakuvuta. Kwenye mazuku, anayeteremka kuokoa mara nyingi anakuwa wa pili kufa, na hadithi haipaswi kumfundisha mtoto kwamba ushujaa ni kuteremka. Pia usiufanye mshumaa kuwa mlinzi. Kwenye asilimia 5 hivi ya kaboni dioksidi mtu anahema na kichwa kinauma, kwenye asilimia 10 anaweza kuzimia ndani ya dakika chache, na mshumaa bado unaweza kuwa unawaka. Maana yake ni kwamba hatari inaanza juu ya fundo ambalo moto ulizimika. Riziki anapopima sentimita 70, hajapima mpaka wa usalama. Mwache Bahati ndiye aligundue hilo, akisoma kitabu cha kemia, na Riziki akasirike kwa sababu ni kamba yake inayosemwa.

Ndiyo, akasirike. Rasimu yako inauzima ushindani siku wanapoungana, na hapo ndipo hadithi inapopoa. Watu wawili waliogombania nafasi ya kwanza tangu mwaka wa tatu hawaachi kugombana kwa sababu wana jalada moja. Wanagombania jambo jingine, lililo bora zaidi. Mimi ningewapa ugomvi wa kibao. Wanataka kuacha kibao ukingoni mwa shimo. Bahati anataka kuandika saa: hatari kuanzia jioni hadi saa tatu asubuhi. Ana wiki tatu za takwimu, na takwimu zinasema hivyo. Riziki anakataa. Anasema majirani hawatasoma saa za hatari, watasoma ruhusa: baada ya saa tatu, mtoto ateremke kufuata mbuzi. Na siku ya mawingu, isiyo na upepo, je? Bahati anajibu kwamba kibao kisicho na saa ni kibao kama vingine vyote, na kwamba walifanya kazi yote hiyo kwa ajili ya saa.

Wote wawili wana haki, na ndiyo maana ugomvi huo ni mzuri. Mwache bibi apite na kusema kwamba yeye hajui kusoma, mbuzi pia hawajui. Wanaishia kuweka saa ndani ya ripoti, kwa ajili ya walimu na watu wa Observatwari ya Volkano kama watataka kuiona. Ukingoni wanapanga mawe na kuyapaka rangi nyekundu, na juu ya kibao wanaandika kwamba mtoto wala mbuzi asiteremke, saa yoyote. Hapo mradi umekuwa na nguvu kuliko mada mbili za mwanzo. Riziki peke yake angekuwa na kimo kisichoaminika. Bahati peke yake angekuwa na upepo usiomhusu mtu. Sasa wanaweza kueleza kwa nini shimo linaloonekana salama Jumapili mchana liliua Jumatatu alfajiri, na hilo ndilo jambo ambalo mwalimu alimwita Riziki mwongo kwa ajili yake.

Neno juu ya shule, kwa sababu ulitaja mahali pengine kwamba unafikiria kuwahamishia chuo kikuu. Usiwahamishe. Kwetu kazi ya mwisho ya chuo, TFC, kwa kawaida ni ya mtu mmoja na jina moja liko kwenye jalada. Msomaji aliyepitia huko atakusimamisha hapo hapo na kuuliza ni idara gani iliyokubali. Sekondari, kwenye maonyesho ya shule, mwalimu ana uhuru huo. Tena sekondari kuna proklamasio, pale majina yanaposomwa mbele ya wazazi kuanzia wa kwanza, na hakuna nafasi ya kwanza ya watu wawili. Acha proklamasio iwe inakuja, miezi miwili mbele, nao wote wawili wanajua. Pointi za mradi zitakuwa sawa kwa wote, kwa hiyo mradi hautamsaidia yeyote kumpita mwenzake. Bahati ameng'oa mti wake kwenye paa akijua hivyo. Iseme hesabu hiyo mapema, mara moja, ili msomaji aibebe hadi mwisho.

Tuzo ya maonyesho iondoe. Badala yake weka jopo la walimu, na mwalimu yule yule wa fizikia akiuliza kwa nini Alhamisi ya wiki ya kwanza imepigwa mstari. Waangaliane. Mmoja ajibu. Amua wewe ni nani, lakini kama ni Riziki, aseme mwenyewe kwamba alichelewa na akaandika uongo, na kama ni Bahati, amfichie bila kudanganya. Hayo ni majibu mawili tofauti na yanatoa hadithi mbili tofauti. Mimi ningemchagua Riziki, kwa kuwa mwalimu alimtuhumu kwa kosa ambalo hakulifanya, na sasa anamkabidhi lile alilolifanya kweli.

Kwa urefu, kurasa nane zinatosha: mbili za mbuzi na kamba, moja ya Katindo, moja ya mwalimu kuja Jumapili, mbili za meza ya prefe, moja ya kibao, moja ya jopo. Andika kwanza zile mbili za meza. Zikikubali, nyingine zitakuja zenyewe. Zikikataa, rudi kwenye siku sita na uangalie kama kila mmoja ana siku moja ya kumwaibisha. Ukizimaliza nitumie hizo mbili tu, nami nitazisoma wiki hiyo hiyo.